Keki ya Zawadi Isiyoacha Kinyongo

Mwaka jana niliikosa keki kwa sababu ya maneno matatu. Duka moja la keki jijini Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, liliweka Instagram picha ya keki ya chokoleti iliyopambwa vizuri. Chini ya picha likaandika kwamba anayetaka kuishinda aandike komenti na kuwatagi marafiki watatu, na kwamba mwisho ni Ijumaa "saa sita usiku". Ijumaa hiyo, saa nne za usiku, nikaandika komenti yangu nikalala. Kesho yake nikaambiwa dirisha lilikuwa limeshafungwa. Nikampigia simu mwenye duka.

"Umechelewa, kaka," akaniambia kwa upole. "Sisi tulifunga usiku wa Ijumaa."

"Nimechelewaje, dada? Nimeandika Ijumaa saa nne, na saa sita ilikuwa bado."

"Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, kaka yangu. Alhamisi jua likizama, Ijumaa imeshaingia."

Hakunidanganya. Tangu enzi za babu zetu wa pwani siku huanza jua linapotua, na hata leo mtu akikwambia kisomo ni usiku wa Ijumaa utakwenda Alhamisi baada ya magharibi. Wala mimi sikukosea, maana simu yangu hubadili tarehe katikati ya usiku, na kwa hesabu ya simu nilikuwa na saa mbili mkononi. Sote wawili tulikuwa sahihi, na tangazo lile halikuwa na neno hata moja la kutuamua. Yeye alibaki na sifa ya udanganyifu asiyoistahili, mimi nikabaki na kinyongo nisichokihitaji.

Tangu siku ile nayasoma matangazo ya zawadi za keki kwa jicho la yule anayekosa. Mshindi hana maswali. Akishapokea boksi lake haulizi orodha ilipangwaje wala dirisha lilifungwa saa ngapi. Lakini katika shindano la watu mia moja na themanini wanaogombea keki tatu, watu mia moja na sabini na saba watakosa, na hao ndio wateja wa kesho. Maneno ya chini ya picha yanaandikwa kwa ajili yao. Kila jambo wanaloweza kuliuliza baada ya droo lazima liwe limeshajibiwa kabla komenti ya kwanza haijaingia.

Tuchukue duka la keki la kufikirika pale Magomeni, tuliandikie tangazo lake hatua kwa hatua. Mwenye duka anataka kutoa keki tatu za kilo moja moja katika wiki ya pili ya Juni 2026.

Zawadi ni nini hasa

"Shinda keki" ni maneno matamu yasiyosema kitu. Mshindi mmoja atafikiria keki ya harusi ya ghorofa tatu, mwingine kipande cha kula na chai. Wateja wetu huagiza keki kwa kilo, basi hata zawadi itajwe kwa kilo: keki moja ya kilo 1, ya vanila au chokoleti, yenye krimu na jina moja juu yake. Ukitaja "jina moja", umeshajibu ombi la mshindi atakayetaka picha ya mtoto, maua ya sukari na rangi ya dhahabu.

Keki ni chakula, na hilo lina mambo yake. Kuna anayevimba midomo akila karanga, na kuna asiyekula chochote kilichotiwa kileo, hata kama ni matone ya kulowekea zabibu kavu. Maneno machache yanatosha: ina ngano, mayai, maziwa na siagi, haina kileo, imeokwa katika jiko linalotumia pia karanga. Halafu keki haiwekeki. Ukiwaoka washindi wote watatu siku moja na mmoja wao yuko safarini Tanga, utaishia na keki iliyochacha na lawama juu yake. Kwa hiyo mshindi aagize siku tatu kabla ya siku anayoitaka, na kuwe na tarehe ya mwisho ya kuichukua. Hapo unaoka kwa kujua nani anakuja lini.

Sharti usiloweza kulihakiki

Katika matangazo mengi masharti hujazana: folo akaunti, laiki picha, tagi marafiki watano, shea kwenye stori yako, halafu komenti neno "TAYARI". Mwandishi anadhani kila sharti linamletea wateja zaidi. Asilolifikiria ni namna atakavyojua nani alitimiza na nani hakutimiza.

Angalia hilo la stori. Stori hupotea baada ya saa 24, na akaunti iliyofungwa haikuonyeshi stori zake kama mwenyewe hajakukubali. Siku ya droo, aliyeshea Jumatatu na ambaye hakushea kabisa wanafanana mbele ya macho yako. Utakachofanya ni kuwaamini wote. Maana yake aliyetii amejisumbua bure, na asiyetii amepewa nafasi sawa na yake. Sharti usiloweza kulihakiki humwadhibu mkweli peke yake. Lifute.

La kutagi marafiki lina kasoro nyingine. Kanuni za Facebook kuhusu mashindano zinakataza kumtaka mtu ashee tangazo kwenye ukurasa wake binafsi au awatagi marafiki zake ili apate nafasi. Instagram nayo inakataza kuwahimiza watu watagi kwa uongo, kwa mfano kumtagi mtu katika picha ambayo hayumo. Wengi huweka tangazo lile lile katika mitandao yote miwili kwa mkupuo, na hapo wanavunja kanuni bila kujua. Njia salama ni kuandika sharti linalofaa kote, yaani komenti yenye jibu la swali moja.

Liwe swali ambalo mtu yeyote anaweza kulijibu, lisilo na kosa na sahihi. "Kipande cha kwanza utamkatia nani, na kwa nini?" linafaa. Watu watawataja mama zao, wake zao, walimu waliowafundisha kusoma, na komenti hizo zitamwambia mwokaji mambo mengi kuhusu wateja wake kuliko neno "TAYARI" lililorudiwa mara mia. Ila aseme waziwazi kwamba jibu zuri halimpi mtu nafasi zaidi. Asiposema hivyo, mwenye hadithi ya kuliza atakayekosa ataamini kwamba hadithi yake imedharauliwa.

Linabaki suala la idadi. Mtu mmoja ana nafasi ngapi? Tangazo likinyamaza, wapo watakaoandika komenti moja kwa adabu, na yupo atakayekesha akiandika ishirini. Kama komenti zote ni 222 na zote zinahesabiwa, huyo mmoja ana tiketi ishirini na jirani yake ana moja. Pengine mwokaji anataka hivyo, na si dhambi, mradi aandike. Lakini kama anataka usawa wa mtu kwa mtu, maneno ni haya: mtu mmoja, nafasi moja, ukiandika komenti kumi, inahesabiwa moja.

Mwisho aseme nani hashiriki. Wafanyakazi wa duka na wanaoishi nao nyumba moja wakae kando, hata kama droo itakuwa safi kama maji ya mvua. Binamu ya mwokaji akishinda kwa bahati halali kabisa, hakuna mtu Magomeni nzima atakayeamini, na mwokaji hatakuwa na la kujitetea nalo.

Saa sita ya nani?

Hapa ndipo nilipoumia mimi, nami nitakaa kidogo.

Muda wa mwisho una adui wawili katika lugha yetu. Wa kwanza nimeshamtaja, ni usiku. "Usiku wa Ijumaa" una maana mbili, na "saa sita usiku" iko mpakani hasa, mahali ambapo simu inabadili tarehe. Adui wa pili ni tofauti ya saa zetu na saa za simu. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, simu huanza usiku wa manane. Anayeandika "mwisho saa 8:00" bila kusema mchana wala usiku anaweza kusomwa kwa namna nne: saa nane mchana au usiku kwa hesabu yetu, au saa mbili asubuhi au usiku kwa wale waliozoea kuisoma simu kama ilivyo.

Dawa yake ni kuikimbia ile saa sita. Chagua saa ambayo haina ubishi wa siku na ambayo wewe mwenyewe uko macho. Saa 2:00 usiku inafaa. Kisha iandike kwa ukamilifu: Ijumaa, 12 Juni 2026, saa 2:00 usiku, yaani 20:00 kwenye simu. Jina la siku na tarehe vikiwa pamoja, kimoja kinamlinda mwenzake. Ukikosea tarehe, siku itakuumbua mapema, na mtu atakuuliza kabla mambo hayajaharibika. Mwaka nao uwepo, kwa kuwa picha za mtandaoni hazifi. Juni ijayo mtu ataikuta, ataandika komenti, na atasubiri keki ambayo wengine waliila mwaka uliopita.

Kuandika saa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuweza kuithibitisha. Instagram kwa kawaida haipangi komenti kwa mfuatano wa muda, na pembeni ya kila komenti huonyesha umri wake tu, kwamba ni ya saa kadhaa au siku kadhaa zilizopita. Ukifungua Jumapili, komenti ya saa 1:55 na ya saa 2:05 za Ijumaa usiku hazitofautiki. Ndiyo maana mwokaji awe na simu mkononi dirisha linapofungwa. Saa 2:00 kamili aandike komenti yake mwenyewe: "Dirisha limefungwa, asanteni." Papo hapo arekodi video ya skrini akizipitia komenti zote kutoka juu hadi chini, saa ya simu ikionekana. Video hiyo ndiyo daftari lake. Asizime sehemu ya komenti ili kuwazuia waliochelewa, maana kuizima kunaweza kuficha hata zile zilizokwisha kuingia, na washiriki wataamka wakidhani majina yao yamefutwa.

Baada ya komenti ya kwanza kuingia, maandishi ya chini ya picha yasiguswe. Kama kuna kosa lisilovumilika, lisahihishwe kwa komenti ya mwenye duka inayosema kilichobadilika na saa kilipobadilika. Kubadili masharti kimya kimya, watu wakiwa wameshaingia, ni sawa na kusogeza goli mpira ukiwa hewani.

Droo ambayo aliyekosa anaweza kuikagua

Kuna njia tatu zinazopendwa na waokaji, na moja kati yake ingeachwa kabisa. Nayo ni kumpa ushindi mwenye laiki nyingi. Laiki hununuliwa. Zipo akaunti za kughushi zinazouzwa kwa mamia, na yapo makundi ya watu wanaopeana laiki kwa zamu kutoka shindano moja hadi jingine. Aliyeandika komenti yake baada ya kutoka kazini hana ubavu wa kushindana nao. Njia hii hupima ukubwa wa mtandao wa mtu, na wakati mwingine uzito wa mfuko wake.

Njia ya pili ni vikaratasi katika bakuli. Ni njia halali na watu wanaipenda kwa kuwa wanaiona kwa macho. Hatari yake iko katika kuchanganya. Tarehe 1 Desemba 1969, serikali ya Marekani ilichezesha droo ya kupanga vijana watakaoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa, vilitiwa mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, na havikukorogwa vya kutosha. Wataalamu wa takwimu walipoyachunguza matokeo waliona kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walielekea kupata namba za mwanzo, yaani za kuitwa mapema. Hakuna aliyekusudia hila. Vidonge vilivyoingia mwisho tu vilibaki karibu na mkono.

Bakuli la mwokaji lina tabia ile ile. Vikaratasi vya komenti za Ijumaa vikitiwa mwisho, vitakaa juu, na mkono wa mtoto utaanzia hapo. Anayetaka kutumia bakuli akate vikaratasi vya ukubwa mmoja kutoka karatasi ya aina moja, avikunje kwa namna moja, kisha avitie katika ndoo yenye kifuniko na kuigeuza juu chini mara nyingi, kama anayechanganya viungo vya pilau asivyotaka vituame. Mchotaji afungwe macho na mkono uzame chini.

Njia ya tatu ni kuipa kompyuta namba. Tovuti ya random.org, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Mads Haahr wa Chuo cha Trinity mjini Dublin, huzalisha namba zake kutokana na kelele za angahewa, ile mikwaruzo ya redio isiyotabirika. Katika ukurasa wake wa `random.org/sequences` unaandika namba ndogo na namba kubwa, nayo inazipanga namba zote zilizo kati yake kwa mpangilio wa bahati, kila namba mara moja tu. Chini ya matokeo huandika tarehe na saa, ila ni saa ya UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Droo ya saa 4:00 asubuhi itaonyesha saba na dakika kadhaa. Mwambie hadhira hilo mapema, asije mtu akasema droo ilichezeshwa alfajiri watu wakiwa wamelala.

Lakini chombo safi hakimzuii mtu mchafu. Anaweza kubonyeza, asiyapende majina, akabonyeza tena hadi rafiki yake atokee. Anaweza pia kuipanga orodha baada ya kuzijua namba. Kinga yake ni utaratibu: orodha hutangazwa kwanza, droo huja baadaye, na kitufe hubonyezwa mara moja tu, mubashara, watu wakitazama.

Tulifanye kwa duka letu la Magomeni. Ijumaa saa 2:00 usiku kuna komenti 231, lakini mwenye duka alikawia kidogo kuweka komenti yake ya kufunga, na 9 zikaingia kabla hajairekodi skrini. Akiwa ameziona zikiingia na kuziandika, anazitoa, zinabaki 222. Komenti 2 ni za msaidizi wake wa jikoni, zinatoka, zinabaki 220. Komenti 38 ni za kurudia, za watu ambao wameshahesabiwa, zinabaki 182. Nyingine 6 ni vikatuni vya moto na mioyo bila jibu la swali, zinabaki 176. Anaziandika akaunti hizo 176 kwa mpangilio wa alfabeti, kila moja na namba yake, na saa 4:00 usiku anaiweka orodha hadharani pamoja na hesabu hiyo ya kutoa.

Mpangilio wa alfabeti una faida yake. Orodha hainuki upendeleo, kwa kuwa mwokaji hana uwezo wa kumweka mtu mahali anapopataka, na kila mmoja anajipata upesi. Usiku huo watu watatu wanaandika. Wawili wanauliza kwa nini komenti zao za vikatuni hazikuhesabiwa, na wanaonyeshwa sharti la kujibu swali. Wa tatu amerukwa kweli, jina lake halimo ingawa aliandika Jumatano. Anaongezwa mwishoni, namba 177, na tangazo la nyongeza linatolewa. Kosa hilo lingegunduliwa baada ya droo lisingekuwa na tiba. Likigunduliwa usiku wa kuamkia droo, limetibiwa kwa dakika moja.

Jumamosi saa 4:00 asubuhi mwenye duka anaingia mubashara. Anaonyesha orodha, anaandika 1 na 177, anabonyeza mara moja. Namba tatu za kwanza ni washindi. Namba tatu zinazofuata ni washindi wa akiba, kwa mpangilio huo huo, ili mshindi asipojibu kusiwe na droo ya pili inayozua maswali mapya. Aliyekosa mwenye mashaka anarudi kwenye orodha ya jana usiku, anaitafuta namba iliyotoka, na anaona mwenyewe ni ya nani.

Tapeli anayesubiri mlangoni

Dakika chache baada ya tangazo la zawadi kushika kasi, huzaliwa akaunti nyingine yenye picha ile ile na jina linalotofautiana kwa nukta moja au herufi iliyorudiwa. Inawaandikia washiriki mmoja mmoja: hongera umeshinda, tuma nauli ya bodaboda tukuletee keki yako. Wengi hutuma, kwa kuwa fedha ni kidogo na furaha ni kubwa.

Tangazo lenyewe ndilo ngao. Liseme mapema kwamba mshindi halipi chochote, na ujumbe utatoka akaunti hii tu. Hapo kuna mtego ambao waokaji waaminifu hujitegea: wanaandika kwamba usafiri ni juu ya mshindi. Sentensi hiyo inampa tapeli kisingizio anachokihitaji. Ama duka lipeleke kwa gharama yake, ama keki ichukuliwe dukani peke yake, na isiwepo sababu yoyote ya shilingi kutoka kwa mshindi. Vivyo hivyo, usiwaambie watu waache namba za simu katika komenti. Ni kumkabidhi tapeli orodha ya watu wa kuwapigia, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Kuna sheria nyingine ya kuiangalia. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia droo, na ndiyo maana benki na kampuni za simu zikichezesha zao utamwona ofisa wa Bodi pembeni. Ukimtaka mtu anunue keki ili apate nafasi, umekutanisha malipo, bahati na zawadi, na vitatu hivyo vikikutana umeshaingia katika uwanja wa bahati nasibu. Acha kushiriki kuwe bure, na hata hivyo iulize Bodi kabla hujatangaza. Kwa msomaji wa Kenya, Uganda au kwingineko, iulize mamlaka ya kwenu.

Tangazo lenyewe

Instagram inaruhusu herufi 2,200 chini ya picha, lakini mtu anayepita huona takriban 125 za kwanza tu kabla ya kulazimika kubonyeza ili asome zaidi. Kwa hiyo zawadi na muda wa mwisho vikae mstari wa kwanza, na salamu zingoje. Hili hapa:

*SHINDA KEKI YA KILO 1! Washindi 3. Mwisho wa kushiriki: Ijumaa 12 Juni 2026, saa 2:00 usiku (20:00).*

*ZAWADI: Kila mshindi keki moja ya kilo 1, vanila au chokoleti, yenye krimu na jina moja juu yake. Ina ngano, mayai, maziwa na siagi. Haina kileo. Jikoni kwetu tunatumia pia karanga. Haibadilishwi kwa fedha.*

*NAMNA YA KUSHIRIKI: Jibu swali hili kwa komenti moja hapa chini: kipande cha kwanza utamkatia nani, na kwa nini? Huhitaji kununua, kutagi wala kushea. Mtu mmoja, nafasi moja. Ukiandika komenti kumi, inahesabiwa moja. Washindi watapatikana kwa droo, si kwa uzuri wa jibu wala wingi wa laiki.*

*NANI: Mwenye miaka 18 au zaidi, anayeweza kufika dukani kwetu Magomeni. Wafanyakazi wetu na wanaoishi nao nyumba moja hawashiriki.*

*DROO: Ijumaa saa 4:00 usiku tutaweka orodha ya washiriki yenye namba. Jina lako halimo? Tuambie kabla ya Jumamosi 13 Juni, saa 3:00 asubuhi. Saa 4:00 asubuhi tutachezesha droo mubashara kwa random.org, mara moja tu. Namba 3 za kwanza ni washindi, 3 zinazofuata ni akiba.*

*KUPOKEA: Washindi watatajwa hapa na kuandikiwa kutoka akaunti hii tu. Jibu kabla ya Jumapili 14 Juni, saa 2:00 usiku. Usipojibu, nafasi inakwenda kwa wa akiba. Agiza siku 3 kabla, na keki ichukuliwe dukani si zaidi ya Jumapili 28 Juni. Hatuombi fedha, namba ya siri wala nauli. Anayeomba ni tapeli.*

*Shindano hili halidhaminiwi, haliendeshwi wala halihusiani na Instagram, na kwa kushiriki unakubali kwamba Instagram haiwajibiki nalo.*

Aya ya mwisho si pambo. Instagram yenyewe inamtaka kila anayeendesha shindano aitoe kauli hiyo.

Kabla ya kuliweka hewani, mpe mtu mmoja asiyehusika na duka alisome, kisha muulize maswali matatu: mwisho ni lini, mtu ana nafasi ngapi, na mshindi anapatikanaje. Akijibu yote bila kukuuliza kitu, liweke. Akisita hata kwa moja, rekebisha hapo aliposita, kwa sababu atakayekosa atasita pale pale, na yeye hatakuuliza kabla ya droo. Atakuuliza baadaye, mbele ya watu wote.